Tarehe nyekundu kwenye kona ya picha ya bibi: jiwe bado lipo chini yake

*Shikamoo mtaalamu. Nina picha ya marehemu bibi amekaa juu ya jiwe ufukweni hapa Mwanza, na kwa mbali MV Bukoba iko gatini, jina lake linasomeka. Kona ya chini kulia kuna tarehe nyekundu ya kamera, 5 8 '96. Imepita juu ya jiwe ikaingia mpaka kwenye kanga ya bibi. Nimejaribu kuifuta kwa programu ya simu, pakabaki doa kama mtu kapaka tope. Nataka kuikuza niitundike sebuleni. Nimekutumia faili mbili, ile niliyoipata kwa WhatsApp na ile ya TIFF iliyokuwa kwenye flashi. Msomaji wa Igogo.*

Marahaba, mwanangu. Nimeifungua ile TIFF na kuzitenganisha rangi zake. Jiwe lililo chini ya tarehe halijapotea. Lipo lote, pamoja na ufa mdogo unaoshuka kuelekea miguuni kwa bibi. Programu ya simu ilidhani pale hapana kitu, ikachota rangi za jirani ikaziba. Wewe usizibe. Wewe fukua.

Ili uelewe kwa nini inawezekana, jua kwanza tarehe ile ilifikaje pale. Haikuchapwa kwa wino juu ya karatasi. Kamera nyingi za miaka ya 80 na 90 zilikuwa na saa ndogo ya betri kwenye mlango wa nyuma, na ulipobonyeza kupiga, kitaa kidogo kilimulika tarakimu kwenye filamu kutokea mgongoni. Ndiyo maana kutafuta negativu hakutakusaidia: tarehe imo humo humo, na kila nakala utakayosafisha itatoka nayo.

Sasa, filamu ya rangi ni matabaka. La juu, upande wa lensi, linanasa bluu. Chini yake kuna kichujio cha njano, kisha linafuata tabaka la kijani, na chini kabisa, karibu na mgongo, ndipo lilipo tabaka la nyekundu. Sura ya bibi iliingia kwa mlango wa mbele. Tarehe iliingia kwa mlango wa uani. Mwanga wa kile kitaa ukalikuta tabaka la nyekundu kwanza, ukamalizia nguvu zake nyingi hapo, masalia yakafika kwenye kijani, na kile kichujio cha njano kikauzuia usifike kwenye bluu. Kwa hiyo tarakimu zinaonekana nyekundu au za rangi ya chungwa kwa sababu tabaka moja ndilo lililoungua zaidi, na hayo mengine yameachwa karibu salama.

Usichukulie maneno yangu tu, hebu tazama mwenyewe. Fungua TIFF kwenye GIMP, programu ya picha ya bure, nenda `Colors > Components > Decompose`, chagua `RGB`, na uweke alama kwenye `Decompose to layers`. Utapata picha isiyo na rangi yenye matabaka matatu: `red`, `green` na `blue`. Bonyeza jicho la kila tabaka ili uone moja baada ya jingine. Kwenye `red`, tarakimu ni nene, nyeupe, zimezungukwa na ukungu. Kwenye `green` umebaki mstari mwembamba tu katikati ya kila tarakimu, kama mfupa wa dagaa. Kwenye `blue`, ukikodoa macho utaona kivuli hafifu, lakini ufa wa jiwe unapita chini yake bila kukatika. Huo ufa ndio tunaoufuata.

Fanya hivyo hivyo kwa faili ya WhatsApp, uone tofauti. Pale bluu nayo ina tarakimu, zimevimba na zina pembe za vijisanduku. Hiyo si kazi ya kamera. JPEG ya aina hiyo hutunza mwanga na giza kwa uangalifu lakini hubana rangi, mara nyingi pikseli nne zinagawana rangi moja, na wekundu wa tarehe unawamwagikia majirani. Kwa kazi hii faili ile haifai hata kidogo, na hata ukiigeuza kuwa TIFF leo, kilichomwagika hakizoleki. Anayetaka kuskani upya aombe mambo mawili: TIFF ya 600 dpi, na marekebisho yote ya rangi ya skana yazimwe. Picha yako ni ya sentimita 10 kwa 15, hivyo kwa 600 dpi inatoa pikseli kama 2,362 kwa 3,543. Hizo zinatosha kuchapa sentimita 30 kwa 45 kwa 200 dpi, ukubwa mzuri wa kutundika ukutani.

Kuna jambo moja la kupima kabla ya kuendelea, kwa faida ya wengine wanaosoma hapa. Njia hii ni ya tarehe iliyoungua kwenye filamu. Kamera za dijitali zilizokuja baadaye nyingi ziliandika tarehe juu ya faili yenyewe, na hapo pikseli za zamani zimetupwa katika rangi zote tatu. Kuzitambua ni rahisi: tarakimu za filamu zina ukungu kandokando na katikati zimefifia kuelekea njano, za dijitali zina kingo kali na rangi moja bapa. Kama yako ni ya dijitali, bluu haitakuwa na kitu cha kukupa.

Tuanze na jiwe, ambako zimekaa tarakimu 5 na 8. Wazo ni kuchukua jiwe zima kutoka kwenye bluu na kulipandikiza kwenye nyekundu, mahali pale pale lilipo. Kikwazo ni kwamba jiwe halina mwanga sawa katika rangi hizo mbili. Nimepima pembeni ya tarehe, mahali ambapo hapajaguswa, kwa kipimo kinachoanzia 0, giza tupu, hadi 255, mwanga kamili: ndani ya ufa, nyekundu inasoma 62 na bluu 48, kwenye uso wa jiwe unaopigwa na jua, nyekundu ni 171 na bluu 139. Ukihamisha bluu kama ilivyo, utapata tarakimu zilezile, safari hii zikiwa na rangi ya kijani iliyopooza.

Kwa hiyo linganisha kwanza. Tengeneza nakala ya tabaka la `blue`, iite `jiwe`, na uifungulie `Colors > Curves`. Weka nukta mbili: ya kwanza inayoipeleka 48 hadi 62, ya pili inayoipeleka 139 hadi 171. Nukta mbili zinatosha kwa sababu granaiti yetu ina rangi moja tu, ya kijivu iliyoguswa kidogo na udongo, inayotofautiana kwa mwanga na kivuli. Sasa nakala ya bluu inafanana na nyekundu kabla haijaungua. Usijali kwamba meli na anga kwenye nakala hiyo vimekaa vibaya, hatutavigusa.

Chukua kifaa cha `Clone`. Kwenye machaguo yake kuna `Alignment`, iweke `Registered`. Hapo ndipo wengi wanapopakosa, kwa sababu wamezoea kuchota huku na kubandika kule. `Registered` haihamishi kitu: pikseli iliyoko mahali fulani kwenye tabaka moja inakwenda mahali pale pale kwenye tabaka jingine. Ukiwa kwenye tabaka la `jiwe`, shika `Ctrl` na ubonyeze popote. Kisha hamia kwenye `red`, hakikisha ndilo linaloonekana, na upake juu ya 5 na 8 kwa brashi laini ya pikseli kama 30. Tarakimu zako zina urefu wa karibu milimita 3, yaani pikseli 70 hivi, kwa hiyo brashi hiyo inatosha kuzifuata mstari kwa mstari. Utaona ufa unaunganika chini ya mkono wako. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na bado pale huwa natabasamu.

Usiishie kwenye tarakimu zenyewe. Ukungu unaozizunguka ni mpana kuliko macho yanavyokuambia. Kwenye picha yako unatoka nje ya mstari kwa pikseli 12 au 15. Niliwahi kusafisha picha ya harusi, nikaondoa tarehe kutoka kwenye shela jeupe, na kwenye kioo cha kompyuta ikawa safi kabisa. Tulipoichapa kubwa, mama wa bibi harusi akauliza ile damu kwenye shela imetoka wapi. Ilikuwa utandu wa waridi wenye umbo la tarakimu ambao sikuufikia, na karatasi ile niligharamia mimi. Tangu siku hiyo napaka mpaka nivuke ukungu, na rangi zikishaunganishwa tena, kabla ya kusema nimemaliza, napandisha `Saturation` ndani ya `Colors > Hue-Saturation` mpaka 100. Wekundu wowote uliobaki unapiga kelele wenyewe. Nikishauona nabonyeza `Cancel`, narudi kuusafisha.

Kijani kinafuata njia ileile, kwa nakala nyingine ya bluu iliyolinganishwa na namba za kijani utakazopima vilevile pembeni ya tarehe. Kazi ni ndogo, ni ile mifupa ya dagaa tu, brashi ya pikseli 8 inatosha. Kile kivuli hafifu kilicho kwenye bluu yenyewe kiache kwa sasa. Huwa kinamezwa na chembechembe za jiwe, na ukikishika mapema unaweza kuharibu chanzo chako pekee. Jambo moja utakaloliona ukikuza sana ni kwamba bluu ina chenga nyingi kuliko rangi nyingine, kwa hiyo sehemu uliyopaka itakuwa na ukwaru kidogo kuliko jirani zake. Juu ya granaiti hilo halionekani. Juu ya ngozi ya uso lingeonekana, na hapo ningelainisha ile nakala kidogo kabla ya kuipandikiza.

Ukimaliza, nenda `Colors > Components > Compose`, chagua `RGB`, na uangalie kwamba `red` imepewa nafasi ya nyekundu, `green` ya kijani na `blue` ya bluu. Nakala zako za kulinganisha ziache nje. Picha inarudi na rangi zake.

Sasa kanga, ambako imekaa '96, na huku ujanja wa bluu unagonga mwamba. Pindo la kanga ya bibi ni jekundu lenye maua meusi. Nilipima: penye wekundu, nyekundu inasoma 190, kijani 38, bluu 40. Penye ua jeusi, nyekundu ni 35, kijani 30, bluu 30. Tazama namba hizo vizuri. Kinachotenganisha ua na kitambaa ni nyekundu peke yake, na ndiyo iliyoungua. Bluu ni kipofu hapa. Kwake pindo zima ni giza moja. Ukipaka kwa njia ya jiwe utapata kiraka cha rangi ya kahawia kisicho na ua wala pindo.

Lakini mwanga haufuti, mwanga unaongezea. Kitaa cha tarehe kilipopita juu ya ua jeusi kiliongezea juu ya kidogo; kilipopita juu ya wekundu kiliongezea juu ya kingi. Kwa hiyo hata ndani ya tarakimu zilizoungua, tofauti kidogo imesalia. Kwenye tabaka la `red` la asili, kabla ya kulipaka, fungua `Colors > Levels` na usogeze kialama cheusi cha kushoto mpaka 220. Picha yote inakuwa giza isipokuwa tarehe, na ndani ya 9 utaona sehemu moja ni 228 na nyingine 250. Ule mpaka kati yake ni ukingo wa ua. Usihifadhi badiliko hilo. Chora tu kwa penseli kwenye karatasi ua linaanzia wapi na linaishia wapi, kisha `Cancel`. Kwenye picha nyingine tarehe inakuwa imeungua mpaka 255 kila mahali, na hapo mlango huu nao umefungwa. Yako una bahati.

Baada ya hapo kanga yenyewe inakusaidia. Pindo lina ua lilelile linalorudiwa upande baada ya upande, na bibi amekaa upande, hivyo pindo linaonekana kwa urefu. Ukiwa kwenye picha iliyokwisha kuunganishwa rangi, tumia `Clone` ya kawaida, `Alignment` ikiwa `Aligned`, na uchote ua la tatu kutoka chini. Nimechagua hilo kwa sababu liko kwenye mkunjo uleule na linapata jua la upande uleule. La pili liko karibu zaidi lakini limeingia kivulini. Weka ukingo wake pale penseli yako iliposema. Pale ambapo mkunjo unageuka chini ya 6, usilazimishe ua zima, paka nusu na uiache kivuli kiimeze, kama kanga inavyofanya ikikunjika.

Nashukuru kwamba tarehe haikufika kwenye jina la kanga. Ingekuwa imefunika herufi, nisingekuruhusu kuzitunga. Kanga huuzwa kwa doti, na kipande cha pili kina jina lilelile. Ungemuuliza shangazi yako kama kimebaki sandukuni, ukasoma hapo.

Kazi ya kurudisha rangi zilizofifia ifanye baada ya tarehe kuondoka, si kabla. Ukizivuta rangi kwanza, zile namba ulizokuwa unazilinganisha zinasogea, na nyekundu iliyokuwa 228 na 250 zote zinaweza kugonga 255. Ukisha, tazama kwa ukubwa wa asilimia 100, ukitafuta vitu viwili: vidoa pacha, yaani chembe ileile ya jiwe inayojitokeza mara mbili, na mstari wa ufa uliovunjika. Kisha chapa kipande cha kona hiyo peke yake kwa ukubwa utakaotundika, kabla ya kulipia karatasi kubwa.

Nimekaa na picha yako muda, na kuna kitu kingine. Nyumbani kwenu bila shaka mmekuwa mkiisoma tarehe ile kama 5 Agosti 1996. Haiwezekani. MV Bukoba ilizama asubuhi ya 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza. Ikiwa jina unalolisoma ubavuni ni hilo kweli, basi mwezi wa 8 mwaka ule meli haikuwepo tena. Kamera hizi zilikuwa na kitufe cha kubadili mpangilio: mwaka kwanza, siku kwanza, au mwezi kwanza, na kile kialama cha juu kilicho kabla ya 96 kinakuonyesha tu upi ni mwaka. Inaelekea kamera hii iliachwa kwenye mwezi kwanza. Yaani 8 Mei 1996, siku 13 kabla ya ajali.

Hilo nalo lina njia ya kulihakikisha. Tafuta kwenye albamu picha nyingine za kamera ileile. Ukipata hata moja ambayo tarakimu ya katikati imezidi 12, mpangilio ni mwezi kwanza. Ikiwa ya kwanza ndiyo inayozidi 12, kamera ilikuwa inaandika siku kwanza, na hapo itabidi tukubali kwamba kalenda yake ilikuwa na makosa, jambo la kawaida kila betri ilipobadilishwa na mtu asiirekebishe.

Kwa hiyo ile TIFF yenye tarehe usiifute wala usiihifadhi juu yake. Iliyosafishwa ipe jina jingine, na tarehe uliyoiondoa kwenye jiwe iandike ndani ya faili, ili atakayeirithi aikute. Kwa mwenye programu ya exiftool ni mstari mmoja:

```
exiftool -ImageDescription="Tarehe ya kamera: 5 8 '96. Huenda ni 8 Mei 1996, MV Bukoba iko gatini." bibi_safi.tif
```

Asiye nayo aandike maneno hayo kwa penseli laini nyuma ya picha ya karatasi, pembeni, bila kukandamiza. Na ukiipata ile picha yenye namba iliyozidi 12, niandikie.